Wagonjwa 50, tiba 2 zilizoshindwa: jinsi kanuni ya kawaida ya mipaka ya uhakika inavyopotosha karibu na sifuri na karibu na moja

Chukua utafiti mdogo wa kupima ubora wa dawa ya malaria. Wagonjwa 50 wenye malaria isiyo kali wanapewa artemetha-lumefantrini, ile dawa mseto ambayo Tanzania tumezoea kuiita ALu, kisha wanafuatiliwa kwa siku 28. Mwisho wa ufuatiliaji 48 wamepona na kwa 2 tiba imeshindwa. Mfano huu nimeutunga ili hesabu ionekane vizuri, lakini ukubwa wake ni wa kweli: utaratibu wa Shirika la Afya Duniani kwa tafiti za aina hii unataka wagonjwa wasipungue 50. Shirika hilo pia linapendekeza nchi ianze kubadili dawa pale kiwango cha kushindwa kwa tiba kinapofikia asilimia 10.

Kwa hiyo anayesoma matokeo haya ana swali moja mahususi. Tumeona asilimia 4. Je, data hii inaturuhusu kusema kwamba kiwango halisi, kwa wagonjwa wote wa aina hii, hakijafika asilimia 10? Swali hilo ndilo tutakaloandamana nalo hadi mwisho, kwa sababu ndipo kanuni inayofundishwa kwanza darasani inapotoa jibu lisilo sahihi.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kwa kanuni ya kawaida

Kanuni yenyewe, inayoitwa kwa jina la Abraham Wald, ni hii. Herufi `h` ni uwiano ulioonekana kwenye sampuli, na `n` ni idadi ya watu:

```
h ± 1.96 * sqrt( h*(1-h)/n )
```

Kwetu `h` ni 2/50, yaani 0.04. Zidisha 0.04 kwa 0.96 upate 0.0384, gawanya kwa 50 upate 0.000768, tafuta kipeuo cha pili: 0.0277. Hilo ndilo kosa sanifu. Ukilizidisha kwa 1.96 unapata 0.0543. Mipaka yako ya uhakika ya asilimia 95 inaanzia kwenye hasi 1.4 na kuishia kwenye asilimia 9.4.

Mpaka wa chini haupo duniani, kwani hakuna asilimia hasi ya wagonjwa. Wengi hapa huandika 0 badala ya hasi 1.4 na kuendelea. Mimi naomba usiendelee. Namba hasi ni dalili kwamba mipaka yote miwili imewekwa mahali pasipo pake, na kufuta alama ya hasi upande wa chini hakurekebishi chochote upande wa juu. Na kwetu upande wa juu ndio wenye uzito, maana 9.4 iko chini ya 10, na mtu ataandika kwenye ripoti kwamba asilimia 10 imeondolewa kwenye uwezekano.

Hatua ya pili: liulize swali moja kwa moja

Kabla ya kuamini 9.4, fanya jaribio ambalo halitumii makadirio yoyote. Tuseme kiwango halisi cha kushindwa ni asilimia 10 kamili. Ni mara ngapi utafiti wa wagonjwa 50 ungetoa tiba 2 au pungufu zilizoshindwa?

Uwezekano wa wagonjwa wote 50 kupona ni 0.9 kwa kipeo cha 50, yaani kama 0.0052. Ukijumlisha uwezekano wa kushindwa mmoja na uwezekano wa kushindwa wawili, jumla ni 0.112. Katika R, programu ya takwimu, ni mstari mmoja:

```r
pbinom(2, 50, 0.10)
```

Asilimia 11. Tafiti tisa za aina hii zikifanywa mahali ambapo dawa inashindwa kwa asilimia 10, mmoja kati yake hivi utaleta matokeo kama yetu au mazuri zaidi. Kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 2.5 kila upande, jambo linalotokea kwa asilimia 11 haliwezi kuondolewa. Kanuni ya kawaida imeliondoa. Kosa hili halikutokana na kukadiria desimali, limetoka kwenye muundo wa kanuni yenyewe, na tunaweza kulifuata hadi chanzo chake.

Hatua ya tatu: tafuta kosa linapoingia

Tazama tena kosa sanifu. Limepigwa kwa kutumia 0.04, uwiano ulioonekana, kana kwamba huo ndio ukweli. Lakini mtawanyiko wa uwiano unategemea uwiano wenyewe. Kwa wagonjwa 50, kosa sanifu pale ukweli ni asilimia 4 ni 0.028, pale ukweli ni asilimia 10 ni 0.042, kubwa kwa nusu zaidi. Tunapouliza kama asilimia 10 inaweza kuzaa matokeo yetu, mtawanyiko unaohusika ni ule wa asilimia 10. Kanuni ya kawaida inaupima umbali wa kutoka 4 hadi 10 kwa rula iliyokatwa kwa ajili ya 4.

Katikati ya kipimo, karibu na asilimia 50, hitilafu hii haionekani kwa sababu `h*(1-h)` haibadiliki sana hapo: kwa 0.5 ni 0.25, kwa 0.4 ni 0.24. Ukikaribia sifuri au moja, thamani hiyo inashuka kwa kasi, na kila hatua ndogo ya `h` inabadilisha urefu wa mipaka kwa kiasi kikubwa.

Matokeo yake ni mabaya kwa namna ya pekee. Sampuli ambayo kwa bahati imepata matukio machache mno inatoa makadirio ya chini mno, na wakati huohuo inatoa mipaka mifupi mno. Yaani inapokosea zaidi ndipo inapojitapa kuwa na uhakika zaidi. Kilele chake ni sifuri: wagonjwa wote 50 wakipona, `h` ni 0, kosa sanifu ni 0, na kanuni inasema kiwango cha kushindwa kiko kati ya asilimia 0 na asilimia 0. Hakuna mganga wala mtakwimu atakayekubali kwamba wagonjwa 50 wamethibitisha dawa isiyoshindwa kamwe.

Kuna chanzo cha pili kinachofanya kazi pamoja na hicho. Alama ya ± inadai kwamba kosa la juu na kosa la chini vinalingana, lakini karibu na sifuri mambo hayalingani. Kama ukweli ni asilimia 2, sampuli haiwezi kwenda chini ya sifuri, ila inaweza kupanda hadi 6, 8 au 10. Mgawanyo una mkia mrefu upande mmoja tu, na mipaka ya haki lazima iwe mirefu zaidi upande huo.

Hatua ya nne: pima ni mara ngapi mipaka inaukamata ukweli

Mipaka ya asilimia 95 inaahidi kwamba utafiti ukirudiwa mara nyingi, katika 95 kati ya kila 100 mipaka itauzingira ukweli. Ahadi hii inaweza kukaguliwa kikamilifu, bila kubahatisha, kwa sababu utafiti wa watu 50 una matokeo 51 tu yanayowezekana. Unapiga mipaka kwa kila moja, unaona ipi inauzingira ukweli, halafu unajumlisha uwezekano wa hizo.

```r
n <- 50; p <- 0.02; x <- 0:n
h <- x/n
d <- 1.96*sqrt(h*(1-h)/n)
ndani <- h-d <= p & p <= h+d
sum(dbinom(x[ndani], n, p))
```

Jibu ni 0.635. Kanuni iliyoahidi asilimia 95 inatimiza asilimia 63.5.

Unaweza kuliona jibu hilo bila kompyuta. Ukweli ukiwa asilimia 2, uwezekano wa kutopata tukio hata moja katika watu 50 ni 0.98 kwa kipeo cha 50, yaani 0.364. Kila mara hilo linapotokea, mipaka ni 0 hadi 0, na 2 haimo. Matukio 1 hadi 5 yanatoa mipaka inayoizingira 2. Matukio 6 na kuendelea yanaikosa kwa upande wa pili, lakini hayo hutokea chini ya mara moja katika elfu. Kwa hiyo karibu makosa yote yanaangukia upande mmoja: mipaka inasema tatizo ni dogo kuliko lilivyo. Kwa dawa, kwa madhara ya chanjo, kwa hitilafu za mashine, huo ndio upande tunaoogopa.

Badilisha `p` kwenye msimbo huo uweke 0.01, 0.05, 0.1, 0.98, na utaona jambo jingine: kiwango hakipandi taratibu, kinaruka. Watakwimu Lawrence Brown, Tony Cai na Anirban DasGupta walilichambua hili kwa kina mwaka 2001, na mfano wao mmoja naupenda kwa sababu unaweza kuukagua mwenyewe. Ukweli ukiwa asilimia 0.5, watu 591 wanatoa kiwango cha kukamata cha asilimia 94.5. Ongeza mtu mmoja, wawe 592, na kiwango kinaporomoka hadi 79.2. Sababu ni kwamba tukio moja likionekana, mpaka wa juu wa kanuni ya kawaida ni takribani 2.96 kugawanya kwa `n`. Kwa 591 namba hiyo inazidi 0.005 kidogo sana. Kwa 592 inapungua kidogo sana, na sampuli zote zenye tukio moja zinahama ghafla kutoka upande wa waliopata kwenda upande wa waliokosa.

Ndiyo maana ile sheria ya vitabuni, kwamba kanuni inafaa mradi `n*p` isipungue 5, siiamini kama kinga. Kwanza `p` hatuijui. Pili, mruko haujali mstari uliochorwa kwenye 5. Na watu 592 si sampuli ambayo mtu yeyote angeiita ndogo. Kinachoamua hapa ni idadi ya matukio, siyo idadi ya watu.

Hatua ya tano: tumia mipaka ya Wilson

Dawa ya kosa tulilolitafuta inatoka kwenye kosa lenyewe. Badala ya kutumia mtawanyiko wa uwiano ulioonekana, chukua kila thamani inayowezekana ya ukweli, uipime kwa mtawanyiko wake yenyewe, na ubakize zile ambazo hazijapishana na data kwa zaidi ya makosa sanifu 1.96. Mmarekani Edwin Wilson aliandika hivyo mwaka 1927. Ukitatua mlinganyo huo, kwa `x` matukio na `n` watu, unapata kitu unachoweza kukifanya kwenye karatasi:

```
( x + 1.92 ± 1.96*sqrt( x*(n-x)/n + 0.96 ) ) / ( n + 3.84 )
```

Namba 3.84 ni mraba wa 1.96, 1.92 ni nusu yake na 0.96 ni robo yake. Sasa weka yetu, `x` ikiwa 2 na `n` ikiwa 50.

Ndani ya kipeuo: 2 mara 48 ni 96, gawanya kwa 50 ni 1.92, ongeza 0.96 upate 2.88. Kipeuo chake ni 1.697, mara 1.96 ni 3.326. Mwanzo wa mabano ni 2 kuongeza 1.92, yaani 3.92. Chini ya mstari ni 53.84. Mpaka wa chini ni 0.594 kugawanya kwa 53.84, sawa na asilimia 1.1. Mpaka wa juu ni 7.246 kugawanya kwa 53.84, sawa na asilimia 13.5.

Mipaka ya Wilson basi ni 1.1 hadi 13.5. Hakuna namba hasi, upande wa juu ni mrefu kuliko wa chini kama mkia ulivyotutaka, na asilimia 10 imo ndani, sawasawa na lile jaribio la hatua ya pili. Jibu la swali letu ni hapana: wagonjwa 50 wenye tiba 2 zilizoshindwa hawatoshi kuiondoa asilimia 10.

Usilipige kwa mkono kila mara. Kwenye lahajedwali, `x` ikiwa kwenye B1 na `n` kwenye B2, mpaka wa juu ni:

```
=(B1+1.92+1.96*SQRT(B1*(B2-B1)/B2+0.96))/(B2+3.84)
```

Mpaka wa chini ni huohuo, alama ya kujumlisha iliyo mbele ya 1.96 ikigeuzwa kuwa ya kutoa. Katika R andika `prop.test(2, 50, correct = FALSE)`. Hilo neno la mwisho usilisahau, kwa sababu bila hilo R inaongeza sahihisho linalorefusha mipaka zaidi ya hii. Wenye Stata wana `cii proportions 50 2, wilson`.

Wilson naye si mkamilifu. Kwa ukweli wa asilimia 2 na watu 50, kiwango chake cha kukamata ni asilimia 92.2; kwa thamani nyingine kinapita 95. Kama kazi yako inadai kwamba ahadi ya 95 isivunjwe kamwe, kwa mfano unapotetea usalama wa dawa mbele ya mamlaka, tumia mipaka ya Clopper na Pearson ya mwaka 1934, ambayo inajengwa moja kwa moja kwa hesabu kama ile ya `pbinom`. Katika R ni `binom.test(2, 50)`, na kwetu inatoa 0.5 hadi 13.7. Gharama yake ni kwamba mara nyingi mipaka ni mirefu kuliko inavyolazimu. Kwa ripoti za kawaida mimi huchagua Wilson.

Hatua ya sita: sifuri, na upande wa moja

Matukio yakiwa sifuri, kanuni ya Wilson inafupika: mpaka wa chini ni 0 na wa juu ni 3.84 kugawanya kwa `n + 3.84`. Wagonjwa 50 wote wakipona, mpaka wa juu ni asilimia 7.1. Utasikia pia sheria ya namba tatu, ya kugawanya 3 kwa `n`, ambayo hapa inatoa asilimia 6. Hazigombani: ya pili inaweka asilimia 5 yote upande mmoja, kwa kuwa chini ya sifuri hakuna kitu cha kukosa. Ukiitumia, iseme wazi kuwa ni mpaka wa upande mmoja.

Karibu na moja hakuna jambo jipya. Ukiripoti kupona badala ya kushindwa, 48 kati ya 50, kanuni ya kawaida inakupa mpaka wa juu wa asilimia 101.4, na Wilson inakupa 86.5 hadi 98.9, ambayo ni mipaka yetu ileile ikitolewa kwenye 100.

Hatua ya saba: rudi kwenye mpango wa sampuli

Hapa ndipo kosa linapojificha zaidi, maana linaingia kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba ukitarajia kushindwa kwa asilimia 5 na ukitaka usahihi wa asilimia 5 kila upande, unahitaji wagonjwa 73. Namba hiyo inatoka hapa:

```
1.96^2 * 0.05 * 0.95 / 0.05^2 = 72.99
```

Hiyo ni kanuni ya kawaida iliyogeuzwa. Inachora picha ya mipaka inayoanzia 0 na kuishia 10, na msomaji anaondoka akidhani kwamba dawa ikiwa na kiwango cha 5, wagonjwa 73 wataonyesha kuwa haijafika 10.

Ijaribu kwa Wilson. Asilimia 5 ya 73 ni 3.65, hivyo matokeo ya kawaida ni 3 au 4. Kwa 4, mpaka wa juu ni asilimia 13.3. Kwa 3 ni 11.4. Ni hadi matukio yashuke kuwa 2 ndipo mpaka wa juu unapokuwa 9.5. Na dawa yenye kiwango halisi cha asilimia 5 itatoa 2 au pungufu kwa uwezekano wa `pbinom(2, 73, 0.05)`, ambao ni 0.29. Mpango uliosomwa kama ungefaulu karibu kila mara unafaulu chini ya mara moja katika tatu. Wagonjwa 73 wanatosha kukadiria kiwango kwa ukaribu fulani, na ndicho utaratibu unachosema. Kuondoa asilimia 10 ni swali zito zaidi, linalodai watu wengi zaidi.

Ukitaka kupanga kwa swali hilo, chukua `n` kubwa zaidi, tafuta `x` kubwa kuliko zote ambayo mpaka wake wa juu wa Wilson bado uko chini ya 0.10, kisha pima `pbinom(x, n, 0.05)`. Panda na `n` hadi uwezekano huo ufike 0.8 au kiwango ulichokubaliana na wenzako.

Mahali ambapo hata Wilson haitakusaidia

Mipaka yote niliyoitaja inadhani kila mgonjwa ni tukio linalojitegemea. Watoto watatu wa nyumba moja, wanaoumwa na mbu walewale, hawajitegemei. Data ikiwa imekusanywa kwa makundi ya vijiji au kaya, mipaka inatoka mifupi mno kwa kanuni yoyote kati ya hizi, na inabidi kutumia mbinu zinazoyatambua makundi.

Angalia pia ni nani anayehesabiwa. Katika tafiti za malaria, vimelea vikirudi baada ya wiki tatu, kipimo cha vinasaba ndicho kinachotenganisha ugonjwa wa zamani uliorudi na maambukizi mapya ya mbu mwingine. Wenye maambukizi mapya, na waliopotea kabla ya siku ya 28, hutolewa kwenye hesabu hii ya uwiano, hivyo 50 inaweza kuwa 41. Tumia `n` iliyobaki, siyo iliyoandikishwa. Kwa 2 kati ya 41 mpaka wa juu wa Wilson unapanda hadi asilimia 16.1.

Kwenye ripoti, andika namba ghafi kwanza, kisha mipaka na jina la kanuni: "Tiba ilishindwa kwa wagonjwa 2 kati ya 50 (asilimia 4.0, mipaka ya uhakika ya asilimia 95 kwa njia ya Wilson: 1.1 hadi 13.5)." Msomaji mwenye 2 na 50 mkononi anaweza kuirudia hesabu kwa kanuni anayoitaka, aliyepewa asilimia 4 peke yake hawezi.